Mdogo wangu kafariki, na mimi sijatoa chozi mpaka leo

*Assalaam alaykum. Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni mwanamme wa miaka 41, mzaliwa wa Wete, naishi Jang'ombe, Unguja, na mke na watoto watatu. Yapata miezi saba sasa mdogo wangu wa tumbo moja alifariki ghafla usiku, nyumbani kwetu Pemba. Simu nilipigiwa kabla ya alfajiri. Nikapanda boti ya asubuhi, na nilipofika Wete nikakutana na watu wanarudi kutoka makaburini. Nikaomba dua, nikakaa matanga, nikapokea wageni, nikasimamia hitma, nikarudi kazini. Chozi halijanitoka.*

*Si kwamba simpendi. Sikuwa na rafiki kuliko yeye. Kifua kinanibana, usingizi unakatika saa tisa za usiku, na nimekuwa mkali kwa watoto kwa vitu vidogo. Sauti alizonitumia zimo kwenye simu, sithubutu kuzifungua. Mke wangu ananiambia "sema basi," lakini nikifungua mdomo sina la kusema. Ami yangu ananisifu kwa subira, na kila akinisifu najiona muongo. Je, mwanamme kulia ni kukosa imani? Na kama sivyo, mbona mimi siwezi?*

*Msomaji, Unguja*

Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu, na pole sana. Mola amrehemu mdogo wako na ampanulie kaburi lake.

Nianze na dini, maana nahisi hapo ndipo ulipofungwa mdomo. Mtume (S.A.W.) alimchukua mwanawe Ibrahim mikononi, mtoto yumo katika pumzi zake za mwisho, na machozi yakamtoka mbele ya masahaba wake. Abdurrahman bin Auf akastaajabu, akamuuliza: hata wewe, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu? Akamjibu kuwa hiyo ni rehema. Kisha akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Bukhari, na angalia kwamba aliyeuliza ni mwanamme akimuuliza mwanamme. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na kupiga mayowe ya kumpinga Mungu. Halafu soma Surat Yusuf. Nabii Yaaqub anasema "subira ni njema," na aya inayofuata inataja macho yake yaliyogeuka meupe kwa huzuni. Subira na machozi vimekaa pamoja kwa mtu yule yule. Ami yako ana nia nzuri, lakini asikufanye ukadhani jicho kavu ndilo kipimo cha subira.

Sasa lile swali lako la pili, mbona huwezi. Nimefanya kazi ya uuguzi Pemba miaka mingi, na wanaume wa namna yako nimewapokea wengi, karibu wote wakija kwa ajili ya kifua au usingizi, hakuna aliyekuja akasema ana huzuni. Tazama matanga yetu yalivyopangwa. Wanawake wako ndani, wamekaa kwenye mikeka, na kila mgeni anayeingia anaulizia: ilikuwaje? Mama wa maiti anasimulia. Anakuja mwengine, anasimulia tena. Mpaka siku ya tatu keshaisimulia siku ile mara nyingi, na kila mara analia kidogo. Wanaume wako nje kwenye baraza au chini ya turubai. Wao wana kazi: kuchimba kaburi, kutafuta sanda, kupokea ubani na kuuandika, kupika pilau la hitma. Mazungumzo ya nje ni bei ya karafuu na mambo ya siasa. Mgeni anakupa mkono, anasema "tumeshapoa?", unajibu "tumeshapoa," basi. Mwanamme anaweza akamaliza matanga yote hajasimulia hata mara moja jinsi nduguye alivyokufa. Kazi zikishamalizika na turubai likikunjwa, anabaki na siku ile nzima kifuani, haijatamkwa.

Nitakusimulia ya bwana mmoja wa kijiji cha ndani huko wilaya ya Mkoani. Ameniruhusu, ila jina lake na la kijiji nayaacha.

Yeye na mdogo wake walikuwa wachumaji wa karafuu. Unajua mwenyewe, mkarafuu ni mti wa hadaa: tawi lake ni gumu kwa kulitazama, lakini hukatika ghafla bila hata kutoa mlio wa kukuonya. Siku hiyo kaka alikuwa kwenye mti wake, mdogo mti wa pili. Mdogo akaanguka. Kaka ndiye aliyeteremka kwanza, ndiye aliyembeba mpaka barabarani, ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza kwenye mwanandani. Yote hayo bila chozi. Watu wakamsifu, kama unavyosifiwa wewe.

Mwaka mzima baada ya hapo hakupanda mti. Alisema ni mgongo. Akawa analala barazani, chumbani anasema kuna joto. Akampiga mwanawe wa kiume kwa kuvunja sahani, na hakuwa mtu wa kupiga. Mkewe akamleta hospitali kwa maumivu ya kifua. Tukampima presha, daktari akamsikiliza moyo, hakuna kilichoonekana. Nilimuuliza kama kuna msiba uliopita karibuni, akasema ndiyo, mdogo wangu, lakini hilo limeshapita.

Halikupita. Msimu uliofuata, mjomba wake, mzee wa zaidi ya miaka 70, akaja kukaa kwao. Usiku karafuu zikishaletwa, nyumba nzima inakaa kuzunguka lundo kuchambua, unatenga karafuu upande huu, makonyo upande huu. Mikono ina kazi, macho yako chini, taa moja katikati. Mzee akakaa ubavuni kwa mpwawe. Hakumuuliza anajisikia vipi. Alimuuliza: "Siku ile mlianza mti upi?"

Hilo ndilo swali ninalotaka ulishike. Mwanamme aliyezoea kunyamaza ukimuuliza moyo wake una nini, kweli hana jibu, hafichi. Lakini ukimuuliza walianza mti upi, analo jibu. "Tulianza wa bondeni." Nani alitangulia? "Yeye, mimi nilikuwa nakunywa chai." Mlikula nini asubuhi? Usiku wa kwanza waliishia kwenye chai na muhogo. Usiku wa pili mzee akamuuliza waliongea nini njiani. Pole pole, kila usiku wakasogea mbele kidogo. Wakifika mahali bwana anapokaza taya na mikono kwenda mbio, mzee anarudi nyuma, anauliza jambo jepesi. Hakumsukuma.

Ilichukua usiku kadhaa kufika kwenye neno lenyewe. Kaka ndiye aliyemwambia mdogo wake, "lile tawi la juu limejaa, usiliache." Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, si mkewe, si mama yao. Alipolisema sauti yake ilikuwa kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani, kavu, imenyooka, na bado hakulia. Mzee hakumwambia "usijilaumu, ni kadari." Alimuuliza tu: "Na yeye alikujibu nini?" Bwana akafikiri. Akasema: "Alicheka. Alisema, kaka, wewe una tamaa."

Siku chache baadaye mwanawe yule mdogo akaja na ngowe aliyoiokota chini ya mkarafuu, ile fimbo ya kuvutia matawi. Ilikuwa ya marehemu. Mti umeshaingia rangi ya kijivu kwa mvua, na kwenye mshikio umezungushwa mpira wa baiskeli uliokatwa vipande vyembamba, ukafungwa fundo mbili, usiteleze mkononi. Bwana akaushika ule mpira akasema: "Mpira huu nilimfungia mimi." Hapo yakatoka. Alilia kwa sauti mbele ya wanawe na wake wa jirani waliokuja kusaidia kuchambua, mpaka kifua kikawa kinapanda na kushuka. Mjomba akaweka mkono juu ya goti lake, na mkono wa pili akaendelea kuchambua. Hakuna aliyeambiwa atoke, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Usidhani ilikuwa imekwisha. Wiki mbili tatu zile alikuwa analia kwa mambo yasiyotazamiwa, mara akiwa anakula, mara akisikia watu wanamwita mtu jina kama la mdogo wake. Akaogopa kuwa anapata wazimu, mkewe akanipigia simu. Nikamwambia aangalie mambo mawili tu: anakula, na baada ya kulia analala? Alikuwa anakula, na analala kuliko mwaka mzima uliopita. Basi hapo palikuwa na nafuu, si maradhi. Baadaye akaenda kwa mama yake na kwa mjane wa nduguye, akawaambia lile neno la tawi. Mjane alinyamaza kwa muda, kisha akamwambia mumewe hata nyumbani alikuwa akimwita mtu wa tamaa, na wakalia pamoja. Mkarafuu hapandi tena. Anachambua, anaanika, anapeleka kuuza, lakini kupanda hapandi, wala mimi simshauri.

Sasa wewe. Kati yako na bwana yule kuna tofauti moja kubwa, na nadhani ndiyo inayokuziba. Yeye alikuwa na siku nzima ya kusimulia, hakuwa ameisimulia. Wewe siku yenyewe huna. Sisi huharakisha kuzika, na ni sunna, lakini aliyeko ng'ambo ya maji hulipa gharama yake. Ulimuacha mdogo wako hai, ukakuta udongo. Hukumuona katika sanda, hukushika jeneza, hukutia udongo. Ukifungua mdomo huna la kusema kwa sababu kweli huna. Mkeo anakuomba kisa ambacho hujapewa.

Kwa hiyo nenda ukakitafute. Chukua siku nne tano za likizo, panda boti, nenda Wete, si kwa shughuli ya hitma wala ya mirathi, kwa jambo hili tu. Mtafute aliyekuwa naye usiku ule na umwambie: nisimulie tangu jioni, alikula nini, alilala saa ngapi, nani aliamka kwanza. Kisha mwendee aliyemuosha. Muoshaji ana adabu yake, la aibu aliloliona kwenye mwili wa maiti analisitiri, kwa hiyo usimdadisi hapo. Muulize nani alikuwa anamimina maji, kafuri na manukato yalitoka kwa nani, na uso wake ulikuwaje. Kisha aliyeshuka kaburini. Nani alishika kichwani, nani miguuni, ni nani aliyeziweka mbao, nani alisoma talkini. Halafu tembea nao ile njia iliyopita jeneza, kutoka nyumbani, kupitia msikitini waliposalia, mpaka makaburini, kwa miguu.

Mama, kama yu hai, mwache awe wa mwisho. Si kwamba hana haki, bali ukianza kwake utaingia kazini tena, utamtuliza yeye na utajisahau wewe, kama ulivyofanya matangani.

Kisha ukirudi Unguja mchague mtu mmoja umsimulie yote kwa mpangilio. Anaweza kuwa mkeo. Lakini kama unaona haya, tafuta mwanamme mwenzako aliyemjua marehemu, na msikae uso kwa uso. Kaeni mnashona nyavu, mnaosha gari, mnatembea Forodhani jioni, jambo lolote ambalo macho yana pa kutazama. Usimchague mwenye haraka ya kusema "yamepita hayo, mshukuru Mungu." Utamjua mapema: ukimtajia jina la marehemu atabadilisha mazungumzo. Na anza na mambo, usianze na hisia. Saa ngapi simu ililia, ulivaa nini, kwenye boti ulikaa upande gani, ulikuwa unafikiri nini mlipoiona Pemba. Ile safari ya boti, mwanangu, ni sehemu ya msiba wako, na nina hakika hakuna aliyekuuliza habari zake.

Hizo sauti kwenye simu, kabla ya lolote mpe kijana mwenye ujuzi azihamishe kwenye simu nyengine au kadi ya kuhifadhia, maana simu huibiwa na huanguka majini. Usizisikilize saa tisa za usiku peke yako. Zisikilize mchana, mkeo akiwa karibu, uanze na ya zamani, fupi, ya mambo ya kawaida, labda anakuagiza kitu Darajani. Moja kwa siku inatosha. Ya mwisho aliyokutumia iache hata baada ya safari ya Pemba.

Inawezekana ukafanya yote haya na usilie. Kuna watu machozi yao ni machache kwa maumbile, na hilo peke yake si ugonjwa. Cha kutazama ni kifua, usingizi na ukali wako kwa watoto. Vikilegea, unaendelea vizuri hata kama jicho ni kavu. Hicho kifua, hata hivyo, kapimwe wiki hii, presha na moyo, kwa sababu katika umri wako si busara kudhani ni huzuni tu, hasa kwa aliyepotelewa na ndugu ghafla. Waambie hospitali kuwa mdogo wako amekufa ghafla, daktari anahitaji kulijua hilo.

Orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 imeutaja msiba unaogandamana kuwa ni hali inayotibika, pale mtu anapokuwa katika kumtamani na kumuwaza marehemu kwa uchungu mkali kwa zaidi ya miezi 6, kupita ada za watu wake, hata kazi na nyumba vinamshinda. Wewe una miezi saba, lakini bado unakwenda kazini na unaandika barua iliyonyooka, kwa hiyo sikuweki huko. Ila ukiona hamu ya kula imekwisha, au usiku kucha hulali, au fikra ya kumfuata mdogo wako inakujia, usisubiri safari wala boti. Nenda hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu siku hiyo hiyo, na mtu wa kufuatana nawe. Ukiwa Pemba, nenda hospitali yoyote ya wilaya, uulizie muuguzi wa afya ya akili.

Watoto waambie wenyewe, tena kabla hujasafiri: baba amekuwa mkali kwa sababu ba'mdogo amekufa na anamkumbuka. Wakubwa watataka kukuuliza habari zake. Wajibu. Na mkeo mpe ukurasa huu ausome, kisha mwambie asikuombe tena useme, akuulize tu ile boti ya asubuhi ilikuwaje.